Alipata kumi kwa kumi, kitanda kikarudi dukani

Leo hatuleti hina wala udi. Tunaleta kosa letu wenyewe, na jinsi tulivyolisahihisha, kwa kuwa tunajua wengi wenu mna darasa la kinamama msikitini au barazani, na siku moja mtatakiwa kutunga mtihani.

Sisi ni mtu na wifi yake, tunakaa Kitomanga, njia ya Kilwa kwenda Lindi. Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri tunasomesha kusoma na kuandika kwenye baraza la nyumba yetu. Wanafunzi wetu ni kumi na wanne, mabinti na kinamama waliokatisha shule mapema. Mmoja wao alikuwa binti aliyeposwa, na ndiye tuliyekuwa tukijivunia. Mtihani wetu wa kwanza wa ufahamu alipata kumi kwa kumi.

Miezi michache baadaye alitujia na karatasi mkononi. Kwao walikuwa wamechukua kitanda na kabati kwa muuzaji mmoja, walipe kidogo kidogo kwa miezi sita. Ufuta ulichelewa kuuzwa, malipo mawili yakakosekana, muuzaji akaja na gari akavichukua vyombo vyake. Tulimwomba binti atusomee karatasi. Akasoma vizuri, bila kukwama. Tukamuuliza mali ni ya nani mpaka malipo yatimie, akajibu ya muuzaji. Tukamuuliza fedha iliyokwisha kulipwa inarudishwa au hairudishwi, akajibu hairudishwi. Kila sentensi aliijua. Lakini kwamba sentensi hizo mbili zikikaa pamoja maana yake ni kukosa kitanda na kukosa fedha kwa siku moja, hilo hakuliona hata dakika ile akiwa ameishika karatasi. Na yeye ndiye aliyewasomea wazee wake kabla hawajatia saini.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa tumempa kumi kwa kumi. Tulimpima nini?

Kipolo aliyemgamba Mnyeta

Tulikwenda kwa shangazi yetu, mwalimu mstaafu, tukiwa na karatasi ya mtihani. Aliyasoma maswali yetu kumi, akavua miwani.

“Wanangu,” alisema, “nisikilizeni. Kipolo alimgamba Mnyeta sokoni kwa sababu ya mshuko. Haya, nani aligambwa?”

“Mnyeta,” tukajibu.

“Aligambwa wapi?”

“Sokoni.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ya mshuko.”

“Mmepata tatu kwa tatu. Sasa niambieni kugamba ni nini.”

Tulitazamana. Neno lenyewe kwa matumizi yale hatukulijua. Tulijibu maswali matatu sawasawa bila kuelewa kitu, kwa kufuata umbo la sentensi tu. Akatuonyesha kuwa maswali yetu yote kumi yalikuwa ya namna hiyo: nani, wapi, lini, wangapi. Hata yale mawili yaliyoanza na “kwa nini” yalikuwa na jibu lake limeandikwa palepale baada ya neno “kwa sababu”, mtu ananakili tu.

Alituambia kuwa mwaka 1956 Mmarekani aitwaye Benjamin Bloom na wenzake walizipanga kazi za akili katika ngazi sita: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi na tathmini. Mwaka 2001 wataalamu wengine, akiwemo Krathwohl aliyekuwa mmoja wa wale wa mwanzo, wakazipanga upya kwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Vyuo vyetu vya ualimu hutumia ngazi hizo kutengeneza jedwali la utahini, yaani karatasi ambamo mtunzi anaandika kila swali ni la ngazi gani na lina alama ngapi, kabla mwanafunzi hajauona mtihani.

“Lakini kwa kifungu kimoja cha habari msihangaike na ngazi sita,” alisema. “Nne zinawatosha. Kukumbuka, kuelewa, kuchambua, kutathmini. Msizipe uzito sawa.”

Kifungu tulichochagua

Tuliamua kuanza upya na kisa cha jirani zetu wa Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika huko mwaka 1331, akaandika habari za sultani aliyemkuta. Tulikisimulia kwa maneno yetu, kifupi, hivi:

*Sultani wa Kilwa aliitwa Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Ijumaa moja, alipokuwa akirudi kutoka kwenye sala, fakiri kutoka Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri achukue zile. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani, akaondoka. Watu wakamshukuru sana sultani. Mwanawe, aliyekuwa mrithi wake, akazichukua nguo kutoka kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Sultani huyo alipofariki, nduguye Daud akatawala. Mwombaji akimjia, Daud humwambia kuwa aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi, kisha akawapa kidogo tu, hata watu wakaacha kumwendea.*

Tulivyopindukia upande wa pili

Kwa kuogopa Kipolo na Mnyeta, mtihani wetu wa pili tuliujaza maswali ya maoni. Una maoni gani kuhusu ukarimu? Ungekuwa wewe sultani, ungetoa nguo zako? Je, ni vizuri kuomba? Tulijiona tumeendelea.

Siku ya mtihani alikuja mama mmoja ambaye hakuwapo kisa kiliposomwa, na karatasi za kifungu zilikuwa zimeisha. Akasema hana neno, atajaribu. Mama yule ana maneno mazuri na hofu ya Mungu. Aliandika juu ya sadaka, juu ya mkono wa kulia na wa kushoto, juu ya jirani mwenye njaa. Alipata kumi na sita kwa ishirini, na Kilwa haikutajwa hata mara moja.

Hapo ndipo tulipopata kipimo ambacho hatujakiacha mpaka leo. Kabla ya mtihani, mpe maswali mtu ambaye hajakisoma kifungu, wifi, jirani, yeyote. Swali analoweza kulijibu likapata alama kamili si swali la ufahamu. Huenda ni swali zuri la mazungumzo, lakini halipimi kusoma. Na kipimo cha pili ni cha shangazi: jaribu kulijibu swali kwa kunakili sentensi moja kama ilivyo. Likijibika, ni la kukumbuka, hata kama linaanza na “eleza” au “kwa nini”. Neno la mbele ya swali halitoshi kuonyesha ngazi yake.

Na kitu kingine tulichokiona tulipokuwa tukisahihisha: maswali ya maoni hayana mwisho. Mmoja wetu alimpa binti fulani nne, mwingine akampa mbili, kwa jibu lile lile. Tulikuwa tunapima kama tunapendezwa na mawazo yake.

Mtihani wa tatu

Safari hii tulianza na jedwali kabla ya maswali. Alama ishirini. Kukumbuka alama sita, kuelewa nane, kuchambua tatu, kutathmini tatu. Kuelewa tukakupa uzito mkubwa kwa sababu ndiko kulikotupotea kwenye karatasi ya kitanda. Kukumbuka hatukukufuta, kwani mtu ambaye hajui nani alichukua nguo hawezi kusema lolote la maana juu ya kuchukuliwa kwake. Tena maswali mepesi mwanzoni yanamtuliza mwenye woga.

Ya kukumbuka yalikuwa matano. Fakiri alitoka nchi gani? Alipomsimamisha sultani, sultani alikuwa anatoka kwenye nini? Nani alizichukua nguo kutoka kwa fakiri? Nani alitawala baada ya sultani? Hayo alama moja moja. La tano, taja vitu viwili alivyoongezewa fakiri kwa amri ya sultani, alama mbili.

Ya kuelewa yalikuwa manne, kila moja alama mbili, na hapa tulitoka jasho. La kwanza: mrithi ni nani katika kisa hiki? Eleza kwa maneno yako. La pili: kwa nini sultani aliingia nyumba ya khatibu badala ya kutoa nguo palepale njiani? Kifungu hakisemi. Lakini kinasema fakiri alizitaka saa ile ile, na kinasema sultani alivaa nyingine kwanza. Anayeziunganisha habari hizo mbili anaona kuwa alitaka kutimiza ahadi bila kukosa stara. La tatu: sultani aliongeza zawadi baada ya kusikia nini, na hilo linaonyesha nini juu yake? La nne: kwa nini wageni waliacha kumwendea Daud?

Swali hili la nne ndilo lililotugawa. Mmoja wetu alisema ni la kukumbuka, maana jibu liko karibu katika sentensi ile ile. Tukaligeuza liwe hivi: maneno ya Daud kwa waombaji yana ukweli gani ndani yake, na yanaficha nini? Sasa mtu hawezi kunakili. Ni lazima aone kuwa ni kweli nduguye amekufa, lakini mtawala mwenye kukaa na wageni miezi mingi na kuwapa japo kidogo hakukosa kitu kabisa.

La kuchambua lilikuwa moja, alama tatu: linganisha ndugu hawa wawili kwa jinsi walivyompokea mwombaji. Alama moja kwa tendo la wa kwanza lililomo kisani, moja kwa la wa pili, na ya tatu kwa kusema tofauti yao kwa ujumla.

La kutathmini ndilo lililochukua jioni nzima. Mwanzoni tuliandika: je, sultani alikuwa mkarimu? Tukaona mtu ataandika “ndiyo, sana” na kumaliza. Mwisho tukaandika hivi: kisa kinamsifu sultani kwa ukarimu. Taja jambo moja kisani linalounga mkono sifa hiyo, na jambo moja linaloweza kuitia shaka, kisha toa uamuzi wako. Alama moja kwa kila jambo, na moja kwa uamuzi unaofuata kutoka kwa mambo hayo mawili. Hakuna alama ya kusema ndiyo au hapana. Anayesema alikuwa mkarimu na anayekataa wanaweza wote kupata tatu, na wote wanaweza kukosa.

Majibu yanayokubalika tuliyaandika kabla ya mtihani, siyo baada. La kutia shaka tuliyaona mawili. Moja, zawadi kubwa ilikuja baada ya watu kumshukuru. La pili, miongoni mwa alivyovitoa walikuwa binadamu ambao hawakuulizwa. Tukakubaliana kuwa likija jingine lenye ushahidi kisani, tutalikubali.

Kisha tukafanya jambo moja gumu kwa mwalimu: tukafunga midomo. Tulipokuwa tukisoma kisa darasani, tulieleza maneno magumu na mahali Kilwa Kisiwani ilipo, lakini hatukusema kwa nini sultani aliingia kwa khatibu. Tungesema, swali lile la pili lingekuwa la kukumbuka: wangeandika tuliyosema sisi. Ngazi ya swali inategemea pia yaliyokwisha kusemwa darasani, na jedwali halilioni hilo.

Matokeo, na binti wetu

Tulisahihisha kila mmoja peke yake, kwa karatasi tofauti ya alama, kisha tukalinganisha. Tulitofautiana kwa watu watatu tu kati ya kumi na wanne, na kwa alama moja moja, tukaenda kwenye majibu yaliyoandikwa tukakubaliana.

Jumla peke yake haikutuambia mengi. Tuliyapanga matokeo kwa ngazi, na hapo tukaona watu. Binti wetu wa kumi kwa kumi alipata sita kwa sita kwenye kukumbuka, na mbili kwa nane kwenye kuelewa. Kwenye swali la khatibu aliandika sentensi yote ya kisa, neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri. Mama mmoja mwenye mwandiko wa taabu, ambaye mtihani wa kwanza tulimpa nne kwa kumi, alipata nne kwa sita kwenye kukumbuka na saba kwa nane kwenye kuelewa. Kwenye tathmini aliandika mstari mmoja na nusu: sultani alikuwa mkarimu wa nguo zake, ila watumwa ishirini hawakuwa nguo. Tulimpa tatu zake. Mama huyu tulikuwa tunamwita mzito.

Yule mwenye maneno mazuri naye alifanya, safari hii akiwa amekisoma. Kwenye tathmini aliandika nusu ukurasa juu ya fadhila za kutoa. Alipata sifuri, akakasirika. Tulikaa naye tukamwonyesha maswali matatu aliyoulizwa na kwamba hakuna alilolijibu. Alirudi nyumbani hajaridhika, na wiki iliyofuata hakuja. Wiki ya pili alikuja. Hatusemi kuwa amekubali.

Kuna mambo ambayo mtihani huu hautuambii. Maswali manne ya kuelewa kwa kifungu kimoja ni machache. Mtu anaweza kukwama kwa sababu ya neno moja tu, au kwa sababu mkono wake ni mzito kuandika. Kwa hiyo waliopata chini ya nne kwenye kuelewa tuliwauliza tena kwa mdomo, mmoja mmoja, jioni nyingine. Wawili walijibu vizuri: tatizo lao lilikuwa kuandika. Binti wetu hakujibu. Kwake tatizo lilikuwa pale tulipolidhania.

Basi tulibadili jinsi ya kumsomesha. Kila siku tunampa sentensi mbili fupi, tunamuuliza zikikaa pamoja zinasema nini ambacho hakuna hata moja inayosema peke yake. Tulianza na vitu vya jikoni. Unga umebaki kibaba kimoja. Wageni watano wanakuja usiku. Mwanzoni alikuwa anazirudia zote mbili. Ilichukua karibu wiki tatu kabla hajasema mwenyewe, “Basi itabidi tuongeze mihogo.”

Harusi yake ilisogezwa mbele, haikuvunjika. Kabla ya siku yenyewe mjomba wake alileta karatasi ya fundi wa kushona nguo za harusi, akasema tumsomee. Tukampa binti. Alisoma kimya, akanyamaza kidogo, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, na kingine kwenye wa sita.

“Hapa anasema nguo zitakuwa tayari wiki moja baada ya malipo kukamilika,” alisema. “Na hapa anasema malipo ya mwisho ni Alhamisi. Harusi ni Jumamosi yake, mjomba.”

Mjomba aliichukua karatasi akaitazama tena, kisha akaenda kumtafuta fundi.

Ukitunga mtihani wiki hii, mpe jirani maswali kabla ya kifungu, kisha utuambie alipata ngapi.